Mteja Aliyeacha Kubeti, na Simu Niliyoambiwa Nimpigie

Shikamoo Mjomba,

Nina miaka 26. Huu ni mwaka wa pili nakaa dirishani katika duka la kubeti, napokea madau na kuwalipa waliopatia. Kuna mteja mmoja, baba wa watoto watatu, ambaye kila mshahara ukiingia lazima tuonane. Anasuka mkeka wa mechi kumi, ambao haulipi mpaka zote kumi apatie, ukichanika anasuka mwingine papo hapo, na kufikia tarehe tano ananiomba nimkopeshe nauli. Shida ni kwamba mke wake ni rafiki yangu tangu tuko shule. Yeye anaamini mwajiri wa mumewe ndiye anayechelewesha mishahara, na hunisimulia hivyo huku akimsifu mumewe kwa uvumilivu. Mimi nanyamaza, naangalia chini.

Mwezi uliopita yule baba akapotea. Wiki tatu hakuonekana, nikamshukuru Mungu kimoyomoyo. Juzi msimamizi amenipa karatasi yenye majina ya wateja "waliolala", niwapigie simu mmoja mmoja niwaambie wamewekewa dau la bure. Jina la kwanza ni lake. Sijampigia. Nimemwambia msimamizi simu haipatikani.

Mwenzangu wa dirisha la pili ananicheka. Anasema hatumlazimishi mtu, fedha ni zake, ni mtu mzima, na asipobeti kwetu atabeti kwingine. Nashindwa kumjibu kwa sababu naona ana hoja. Na mshahara huu ndio unaomtunza mama yangu na wadogo zangu wawili. Mjomba, hii ni dhambi yangu au ni yake? Na rafiki yangu nimwambie?

Wa Dirishani

*

Marahaba, mpwa wangu.

Usimpigie. Hilo nakujibu kwanza ili upate usingizi, mengine tuyazungumze taratibu.

Mwenzako ana hoja, na ningekudanganya nikisema hana. Mtu mzima akiamua kuchezea fedha zake, mimi si askari wake. Wapo wanaoweka dau dogo mwisho wa wiki ili mechi iwe na utamu zaidi, wakipoteza wanataniana, na Jumatatu wanaamkia kazini nyumba zao zikiwa vilevile. Siwezi kuwaita wakosefu kwa sababu tu raha yao mimi siioni. Ziko dini zinazokataza kamari yote, ndogo na kubwa, na kama wewe ni wa huko basi unalo jibu kabla hujaniandikia. Lakini naona uliniandikia kwa sababu unataka kumjibu mwenzako kwa hoja anayoikubali yeye, yaani hoja ya uhuru. Haya, tuishike hiyohiyo.

Yule baba alichagua mara mbili. Alichagua kuja dirishani kwako, kisha, baada ya muda mrefu, alichagua kutokuja. Mwenzako anaheshimu uchaguzi wa kwanza peke yake. Huo wa pili, ambao pengine ulimgharimu usiku kadhaa wa kukosa usingizi, umeandikwa kwenye karatasi ya msimamizi kama kasoro ya kurekebishwa. Akija mwenyewe ukamwandikia mkeka, unaweza kusema umemhudumia aliyetaka. Ukimpigia simu aliyeacha, ukamwambia kuna kitu cha bure kinamngoja, umeingia katikati yake na uamuzi wake. Hapo huwezi tena kujificha nyuma ya uhuru wake, kwa sababu ndio unaoufanyia kazi kinyume.

Naijua karatasi hiyo kwa sababu niliwahi kuitengeneza. Kabla sijawa mzee wa kushauri watu nilikuwa mtu wa hesabu katika kampuni moja ya kubeti, ambayo sitaitaja. Kila mwezi nilitakiwa kutoa orodha ya waliolala, nikiipanga kwa kigezo kimoja: nani alipoteza zaidi katika siku 90 za mwisho kabla hajanyamaza. Aliyepoteza kidogo hakuwa na thamani ya simu. Kwa hiyo, mpwa wangu, jina la mume wa rafiki yako halikuwekwa juu kwa bahati. Liko juu kwa sababu aliumia zaidi ya wote.

Siku moja niliona jina ambalo nilikumbuka kuliona tena. Nikafungua rekodi zake na kuzipanga kwa tarehe. Zilikuwa na mapengo manne katika mwaka na nusu: wiki tano, wiki tatu, wiki saba, wiki nne. Kila pengo liliishia siku ileile au siku moja baada ya sisi kumtumia dau la bure. Mtu huyo alikuwa ameacha mara nne, na mara zote nne mimi ndiye niliyetoa jina lake limfuate. Nilizima kompyuta nikaenda kula. Natamani ningekwambia niliacha kazi alasiri ile. Nilikaa miezi mingine 14, nikijiambia maneno anayokwambia mwenzako.

Jambo la pili nililoliona huko ni hili, na mwenzako akilisikia naomba umtazame usoni. Katika kampuni nyingi za kubeti, mteja anayeshinda mara kwa mara kwa ujuzi hupunguziwa kiwango. Anataka kuweka 500, mfumo unamruhusu 5. Hapewi dau la bure, hapigiwi simu ya kumjulia hali. Anayepoteza mfululizo ndiye anayepewa mtu wa kumhudumia, salamu za siku ya kuzaliwa na zawadi. Kama kweli ingekuwa biashara ya watu huru wanaopimana akili, tungemkaribisha aliye hodari. Lakini tunamkwepa anayejua, tunamwandama asiyeweza kujizuia, halafu tunasema hatumlazimishi mtu. Ni kweli hatumshiki mkono.

Swali hili la mchezaji na mchezeshaji ni la zamani. John Stuart Mill, Mwingereza aliyetetea uhuru wa mtu binafsi kuliko wengi wa zama zake, aliligusa mwaka 1859. Kwake kucheza kamari lilikuwa jambo la kuvumiliwa. Alipomfikia mwenye nyumba ya kamari, alisita. Aliona kwamba huyo anapata faida yake kwa kuchochea kile ambacho jamii inaona ni madhara, na kwamba ushauri wa mtu mwenye maslahi yake ndani hauwezi kuhesabiwa sawa na ushauri wa rafiki. Hakukata shauri, akaliacha mpakani. Ila hata yeye, mtetezi wa uhuru, hakudhani kwamba ruhusa ya mchezaji inamsafisha mchezeshaji moja kwa moja. Kwa hiyo swali lako la dhambi ni yangu au yake, sidhani linagawanyika hivyo. Uamuzi wake ni wake, simu ni yako, na kimoja hakifuti kingine.

Sasa tuje kwenye kile anachonunua, maana uhuru wa kununua una maana kama mnunuzi anajua kilichomo kwenye mfuko. Wewe unaandika mikeka kutwa, lakini sidhani kuna aliyewahi kukuonyesha hesabu yake, na huyo baba ndiyo kabisa.

Chukua ubashiri rahisi: mabao zaidi ya 2.5 au chini yake, katika mechi ambayo uwezekano ni nusu kwa nusu. Ubashiri wa namna hiyo ukiwa wa haki ungekuwa na odi 2.00 kila upande, yaani aliyeweka 100 akipatia anapokea 200. Kampuni inaweka 1.90. Mtu akiweka 100 mara nyingi, akishinda nusu na kupoteza nusu, kila 100 inamrudishia wastani wa 95. Hizo 5 ndiyo faida ya nyumba, yaani ya kampuni. Ukiziona hivyo unasema si mbaya, ni kama bei ya burudani.

Lakini hachezi mechi moja, anasuka kumi. Hapo zile 5 hazibaki 5, kwa sababu kila mechi unayoongeza inakata tena kile kilichobaki baada ya mechi iliyotangulia. Baada ya mechi ya pili zimebaki kama 90, baada ya ya tano kama 77, na baada ya ya kumi zimebaki karibu 60. Yaani katika kila 100 anazokupa kupitia dirisha lile, nyumba kwa wastani inabaki na 40. Ndiyo maana kampuni zinapenda mikeka mirefu, na ndiyo maana bonasi ya mkeka hukua kadiri mechi zinavyoongezeka. Hakuna anayetoa zawadi ili apoteze.

Na je, kushinda? Mkeka wa mechi kumi za nusu kwa nusu unapatikana mara moja katika mikeka 1,024. Ukisuka mmoja kila wiki bila kukosa, unangoja kwa wastani karibu miaka 20. Siku ukipatia, unalipwa mara 613 ya dau lako, wakati njiani umeshatoa madau 1,024. Kuna atakayesema yule baba hachagui hivyo, yeye anachukua timu kubwa za odi 1.30. Sawa. Kwa faida ileile ya nyumba, mkeka wake unapatikana kama mara moja katika 23, na unalipa chini ya mara 14. Umebadilika sura. Bado 60 kwa 100.

Kinachomshika mtu, hata hivyo, si ushindi. Ni mechi moja. Katika ule mkeka wa mechi kumi za nusu kwa nusu, kukosa mechi moja tu kunatokea mara kumi zaidi ya kupatia zote. Kukosa moja au mbili kunatokea kama mara moja katika kila mikeka 19. Umewasikia wangapi dirishani wakisema "mechi moja tu imenichania"? Wanaondoka wakiamini kwamba ujuzi wanao, imebaki bahati kidogo. Kumbe hesabu yenyewe imepangwa hivyo, kwamba anayepoteza atajiona mara nyingi amesimama mlangoni kabisa, mkono kwenye kitasa. Hakuna mtu anayemfanyia hila katika mechi ile ya kumi. Urefu wa mkeka unatosha.

Hilo dau la bure unaloambiwa umtangazie nalo lina mfuko wake. Kwa kawaida akishinda analipwa faida tu, dau lenyewe halirudi. Kwa odi ya 1.90, dau la bure la 100 linampa 90 nusu ya nyakati na sifuri nusu nyingine, kwa hiyo kampuni inagharimika kama 45 kumrudisha mtu ambaye kila mwezi alikuwa akiacha mshahara. Mara nyingi kuna sharti pia kwamba hicho alichokishinda akichezee mara kadhaa kabla hajakitoa. Sisi mezani tuliita gharama ya kumrudisha mteja, tukiiweka kwenye safu moja na umeme na kodi.

Najua utaniuliza: mbona watu wenye akili zao, tena wasio na kitu, ndio wanaojaa dukani? Hapa sipendi jibu la kuwaita wajinga, na wewe usilikubali. Mtu mwenye kipato kidogo akiweka akiba kidogo kidogo, ile akiba haikai. Mtoto ataugua, ndugu atafiwa, kodi itapanda. Hajawahi kuona fedha ndogo ikikua hadi kuwa mtaji, kwa hiyo anaona njia pekee ya kuishika fedha kubwa kwa mkupuo mmoja ni ile inayokuja ghafla. Mkeka unamuuzia hiyo. Mwenye kipato kizuri anayo benki ya kumkopesha na shangazi wa kumwazima, yeye anacheza kwa kujifurahisha. Tiketi ni ileile, odi ni zilezile, lakini mmoja ananunua burudani na mwingine ananunua mlango wa kutokea, mlango ambao kwa kila 100 unamla 40. Ndipo ninapoona unyonyaji ulipo: bidhaa inauzwa kwa nguvu zaidi pale ambapo milango mingine imefungwa, kwa watu ambao hasara yao haitoki kwenye ziada bali kwenye chakula. Wakiacha wote leo, biashara haitajua iishi vipi, maana sehemu kubwa ya mapato yake hutoka kwa wachache wanaopoteza sana. Nililiona hilo kwenye vitabu vya hesabu kabla sijalisoma popote.

Turudi kwa rafiki yako. Kwenye hoja ya "fedha ni zake" kuna mtu amesahauliwa. Mshahara wa baba wa watoto watatu una wenyewe wengi kabla haujafika mfukoni mwake. Lakini hata tukisema ni wake wote, bado kuna uongo. Mke wake anapanga maisha kwa habari za uongo: anamchukia mwajiri ambaye hana kosa, pengine anakopa akisubiri mshahara "uliochelewa", anawaambia watoto wavumilie. Uhuru wa mume unalindwa kwa kumnyang'anya mke wake. Angejua, labda angeamua kukaa, labda angeamua kushika fedha yeye, labda angeondoka. Hajapewa nafasi ya kuamua lolote.

Nimwambie? unauliza. Nadhani hapana, si wewe kwanza. Ukimpelekea habari, atataka kujua kiasi gani, tangu lini, na wewe ulijua lini. Hili la mwisho litawaumiza wote wawili. Pia unachokijua umekipata ukiwa kazini. Nakala za tiketi na kumbukumbu za mteja usizitoe hata kidogo, hata kwa nia njema. Zikifika nyumbani zinakuwa silaha, na wewe unakuwa mtu aliyefukuzwa kazi kwa kosa la kweli.

Anza na mume mwenyewe. Usimpigie kwa simu ya duka, mtafute kama mtu anayemjua mke wake. Mwambie maneno machache, usihubiri: "Nimefurahi hujaja wiki tatu. Watakupigia wakuambie una dau la bure, usije. Mkeo ananiambia mshahara unachelewa, nami nimechoka kunyamaza. Mwambie mwenyewe kabla ya mshahara ujao. Akiniuliza mimi, sitamdanganya." Hapo umempa muda na nafasi ya kusimama mwenyewe mbele ya mkewe. Muda ukipita naye hajasema, mwambie rafiki yako jambo moja tu, amuulize mumewe kuhusu mshahara, na amuombe waone karatasi ya malipo pamoja. Hapo utakuwa umemfungulia mlango bila kumtolea siri za dirisha.

Na usimkopeshe tena, hata nauli. Najua ni ngumu mtu mzima akikuangalia hivyo. Nauli yako ndiyo inayomwezesha kumaliza mwezi bila nyumbani kugundua.

Tangu 2013 madaktari wa akili wa Marekani wanauweka ugonjwa wa kamari kundi moja na uraibu wa pombe na dawa za kulevya. Wanaangalia dalili tisa, na nne au zaidi ndani ya miezi 12 zinatosha kuuita ugonjwa. Mimi si daktari, lakini katika barua yako nimeona za wazi tatu: anafukuzia hasara kwa kusuka mkeka mwingine papo hapo, anadanganya nyumbani, anategemea watu wamwokoe kifedha. Zile wiki tatu za kupotea huenda ni dalili ya nne, jaribio la kuacha, ambalo hatujui kama litasimama. Akikubali kuzungumza, kuna mambo mawili ambayo husaidia zaidi ya viapo. La kwanza ni kujifungia mwenyewe: aandike ombi la kuzuiwa kwa kila kampuni aliyofungua akaunti, na aitunze nakala. Lina tundu lake, wewe unalijua. Dirishani mtu anaweza kulipa taslimu bila kutaja jina, kwa hiyo zuio la akaunti haliwezi kumzuia kuingia duka la pili. Ndiyo maana la pili ni muhimu zaidi: mshahara ugawanywe kabla haujamfikia. Awaelekeze benki kwamba siku unapoingia, kodi na ya nyumbani viende kwenye akaunti ya mkewe siku ileile, yeye abaki na nauli na kidogo cha mfukoni. Mtu anayepigana na mkono wake anasaidiwa na mkono kukuta mfuko mtupu.

Moja la tahadhari. Wenye tatizo hili huwa katika hatari kubwa ya kujidhuru kuliko watu wengine, hasa siku madeni yanapofichuka. Kwa hiyo usimuaibishe mbele ya watu, wala dirishani wala msibani. Na akikwambia maneno kama "bora nisingekuwepo", usiyapite. Muulize wazi kama anafikiria kujiua, usimwache peke yake, na mfikishe hospitali siku hiyohiyo.

Imebaki kazi yako. Sitakwambia uache kesho, kwa sababu mama yako halipi dawa kwa heshima yangu. Kupokea dau la mtu aliyekuja mwenyewe, kwa odi zilizobandikwa ukutani, naona mtu anaweza kuifanya huku akitafuta kazi nyingine. Mimi binafsi ningetafuta, na ningejiwekea tarehe, maana nilipokaa bila tarehe nilikaa miezi 14. Ile ya kuwafuata walioacha ndiyo usiifanye, na usiifanye kwa uongo wa "simu haipatikani". Uongo huo utaisha wiki ijayo wakikupa namba ya pili. Mwandikie msimamizi, mistari miwili, kwa maandishi: kwamba mteja huyu ana dalili za kushindwa kujizuia na hutampigia, na unaomba jina lake litolewe kwenye orodha za matangazo. Sehemu nyingi leseni za kubeti huidai kampuni iwalinde wateja wa namna hiyo, kwa hiyo barua yako haitakuwa uasi tu, itakuwa kitu ambacho hawatapenda kionekane wamekipuuza. Huenda wakakuhamisha dirisha. Huenda wakampa jina hilo mwenzako, naye akapiga.

Hilo la mwisho linawezekana kabisa, ndiyo maana nataka umfikie yule baba kabla ya simu hiyo. Akiisikia huku anajua imetoka wapi na kwa nini jina lake lilikuwa la kwanza, atakuwa na kitu cha kujibu.